Alama ya kutoa iliyojificha kwenye mkunjo

Mdogo wangu anasoma chuo kikuu Kampala, mimi nafundisha hesabu Jinja. Jumapili usiku alinitumia kwa WhatsApp picha ya swali la mtihani wa zamani. Karatasi ilikuwa na mkunjo, na kivuli cha simu kilikuwa kimeiangukia. Nilisoma hivi: X ni kigeu nasibu chenye msongamano f(x) = 1/3 kwa 1 < x < 2; tafuta msongamano wa Y = X².

Kabla ya kukokotoa chochote huwa napima eneo lililo chini ya mchoro wa msongamano. Upana 1 mara kimo 1/3 ni 1/3 tu, ilhali eneo lote lazima liwe 1. Basi picha ilikuwa imemeza kitu. Nikaikuza, na palepale kwenye mkunjo kukatokea kijistari: −1 < x < 2. Upana 3, eneo 1. Sawa.

Nilipompigia, alikuwa ameshaona kijistari kwenye karatasi yenyewe, lakini alikuwa amekwama kwingine. "Kaka, mbona jibu langu halifiki moja?" Alikuwa ametumia kanuni ya daftarini: x = √y, derivativu yake 1/(2√y), mara 1/3, akapata 1/(6√y) kuanzia 0 hadi 4. Eneo lake ni 2/3. Theluthi iliyopotea ndiyo hasa uwezekano wa X kuwa kati ya −1 na 0. Kanuni ile hudai kila y itokane na x moja tu, na hapa 0.25 inatokana na 0.5 na pia na −0.5.

Nikamwambia aiweke kando, aanze na uwezekano limbikizi, yaani P(X² ≤ y), ambao ni uwezekano wa X kuwa kati ya −√y na √y. Y ikiwa kati ya 0 na 1, pande zote mbili zinaingia ndani ya mipaka ya X, hivyo F(y) = 2√y/3. Ikivuka 1, upande wa kushoto unagonga ukuta wa −1 na kubaki hapo, wa kulia unaendelea: F(y) = (√y + 1)/3. Akatafuta derivativu za vipande viwili:

f(y) = 1/(3√y), 0 < y < 1
f(y) = 1/(6√y), 1 < y < 4

Kwingineko ni 0. Kipande cha kwanza kina eneo 2/3, cha pili 1/3.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Lakini kaka, nikiweka y = 0.01 napata 3.33. Uwezekano unazidi moja?" Swali hilo lilinifurahisha kuliko jibu lenyewe. Ile 3.33 ni kimo cha mchoro, si uwezekano. Uwezekano wa Y kuwa chini ya 0.01 ni 2 × 0.1 / 3, kama 0.067.