Mhakiki Mpole Ndiye Aliyetubana

Mwanafunzi wangu wa uzamili alikuja kwangu Bagamoyo na karatasi mkononi, uso umemvimba. Jarida lilikuwa limetujibu kuhusu makala yetu ya mwani wa Mlingotini: marekebisho makubwa, wahakiki wawili.

"Mwalimu, huyu wa pili anatuchukia kabisa," alisema.

Tukakaa barazani na kalamu tatu: nyekundu kwa yaliyo lazima, kijani kwa ya hiari, buluu kwa ya kupinga kwa adabu. Alikuwa ameshapaka nyekundu kila penye ukali. Nikamzuia. Kwa kila hoja nilimtaka ajiulize: tukiiacha, hitimisho letu litasimama?

Mhakiki wa kwanza, karibu na mwisho, aliandika kwa upole kwamba huenda tungependa kufikiria upya jinsi kamba zinazofungiwa mwani zilivyohesabiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa nyekundu kuliko zote. Makala ililinganisha mashamba ya vigingi na ya kamba zinazoelea: mashamba sita, kamba kumi kila shamba, na hesabu ilizichukua kamba 60 kana kwamba kila moja inajitegemea. Lakini kamba za shamba moja zinashiriki maji yaleyale na joto lilelile, kwa hiyo kilichojitegemea hasa ni mashamba sita. Tukarudia hesabu kwenye programu ya takwimu ya R, safari hii shamba likiwemo:

```
lmer(ukuaji ~ njia + (1 | shamba), data = mwani)
```

Kamba zinazoelea bado ziliongoza kwa ukuaji, ila kwa uhakika mdogo zaidi, ikabidi tupunguze makali ya muhtasari.

Mhakiki wa pili alifoka kwamba kupima kila baada ya wiki mbili ni uvivu. Hapo kalamu ya buluu. Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi ilikuwa ugomvi mtupu, tukaiandika upya: "Tunamshukuru mhakiki. Mashamba ya vigingi hufikika kwa miguu maji yakitoka sana wakati wa bamvua, takriban kila wiki mbili. Tumeeleza hivyo kwenye sehemu ya mbinu." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mtu asiyewahi kuona bamvua ya pwani angejuaje, ikiwa makala haikumwambia?

Alidai pia tupime karajinani, ule ute unaonunuliwa na viwanda. Hii ilitutesa, maana kichwa cha makala kilitaja ubora wa mwani na sisi tulipima ukuaji tu. Tukaliondoa neno ubora, tukasema wazi kwamba karajinani haikupimwa, basi.

Za kijani hazikutuchukua muda. Ramani tuliiongeza, utangulizi hatukuufupisha, tukatoa sababu kwa mstari mmoja.

Majibu ya awamu ya pili yalipofika, yule mkali hakuwa na neno. Yule mpole aliomba tuambatanishe data na msimbo wote wa R.