Jinsi nilivyoiokoa stradeli yangu hisa ilipopanda kutoka dola 100 hadi 119

Kuuza stradeli ni kazi niliyoifanya miaka mingi. Unauza opsheni mbili za hisa ileile, kol inayompa mnunuzi haki ya kununua hisa kwa bei ya mkataba na puti inayompa haki ya kuiuza, zote kwa bei ileile ya mkataba na siku ileile ya kuisha, kisha unatarajia hisa itulie karibu na bei hiyo huku thamani ya opsheni ikiyeyuka kila siku. Kuuza kwenyewe ni rahisi. Ugumu unaanza hisa inapoondoka pale ulipoiacha, na hapo kuna zana tatu ambazo wengi huzichukulia kama ni kitu kimoja: kununua au kuuza hisa zenyewe, kuhamisha bei za mkataba, au kununua mabawa ya kinga, yaani kol ya bei ya juu zaidi na puti ya bei ya chini zaidi. Kwangu ilichukua muda, na fedha, kuelewa kwamba kila moja inatibu ugonjwa wake.

Nieleze biashara moja tu, kwa hesabu zake.

Hisa ilikuwa dola 100. Niliuza stradeli 5 za bei ya 100, zikiwa zimebakiza siku 45. Kol ilinipa dola 4.70 na puti dola 4.30, jumla dola 9 kwa kila hisa. Mkataba mmoja unabeba hisa 100, kwa hiyo niliingiza dola 4,500. Kama hisa ingemaliza popote kati ya 91 na 109, ningebaki na faida.

Siku ya 12 hisa ilifika 105. Ukitazama salio tu, hapakuwa na tatizo: stradeli ilikuwa inauzwa dola 8.50, na mimi niliiuza kwa 9. Nilikuwa hata na faida ya dola 250. Lakini delta yangu ilikuwa imefika hasi 232. Maana yake, kwa wakati ule nilikuwa kama mtu aliyeuza hisa 232 asizokuwa nazo. Kila dola moja ya kupanda ingenigharimu takriban dola 232. Tena kulikuwa na gama. Kwa kila dola hisa inayopanda, delta ile ingezidi kuwa hasi kwa 35 hivi. Ndiyo sababu hasara ya stradeli haiendi kwa mstari ulionyooka. Ukishaifunika delta yote, mwendo wa dola 1 unakula takriban dola 17, wa dola 2 unakula 70, na wa dola 4 unakula 280. Kwa upande mwingine, kuyeyuka kwa thamani kulikuwa kunaniletea karibu dola 70 kwa kila siku ya soko. Kwa hiyo siku ambayo hisa inasogea chini ya dola 2 ni yangu, na ikizidi hapo ni ya aliyenunua. Namba hiyo ya dola 2 huiandika pembeni ya kila biashara, kwa sababu ndiyo inayoniambia kama soko linanilipa au linanila.

Zamani, nikiona delta ya hasi 232, ningenunua hisa 232 papo hapo ili nirudi sifuri. Kisha hisa ingeshuka dola 3, ningeziuza kwa hasara, ingepanda tena, ningenunua tena juu. Katika soko linaloyumba bila kwenda popote, mtu anayefukuzia sifuri hununua ghali na kuuza rahisi mara nne kwa wiki, na mwisho wa mwezi primiamu yote, yaani fedha aliyolipwa alipouza opsheni, imeisha kwenye kinga. Nilipoteza hivyo zaidi ya mara moja. Sasa nina mpaka: kwa stradeli 5 za hisa ya bei hii, sigusi kitu hadi delta ivuke 150 upande wowote, na ikivuka napunguza karibu nusu tu.

Basi nilinunua hisa 100 kwa dola 105. Delta ikawa hasi 132.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupata matokeo hayohayo, na niliifikiria kwa makini. Puti yangu ya 100 ilikuwa imeshuka hadi dola 1.60. Ningeweza kuinunua na kuuza puti ya 105 kwa dola 3.60, nikaongeza dola 2 kwenye primiamu. Hiyo nayo ingeipunguza delta kwa 100 hivi, sawa na zile hisa, na mpaka wangu wa faida upande wa juu ungesogea kutoka 109 hadi 111. Inavutia, kwa sababu unalipwa badala ya kulipa. Ila tazama kinachotokea: kol iko 100 na puti iko 105, zimepishana. Siku ya kuisha, hisa ikiwa popote kati ya hizo mbili, lazima utoe dola 5. Primiamu yote ingekuwa 11, toa 5, inabaki 6. Faida ya juu kabisa imeshuka kutoka 9 hadi 6, na mpaka wa chini umepanda kutoka 91 hadi 94. Zaidi ya hapo, puti ya 105 wakati hisa iko 105 ina gama kubwa kuliko ile ya 100, kwa hiyo delta ya leo imepungua lakini ya kesho itakimbia kwa kasi zaidi. Mimi huipandisha puti pale hisa inapopanda polepole, siku zikiwa bado nyingi na hakuna habari inayosubiriwa. Hisa zenyewe hazina gama wala haziyeyuki. Zinagusa delta tu na kuacha mengine yote kama yalivyo.

Siku ya 14 hisa ilikuwa 107. Hisa zangu 100 zilikuwa na faida ya dola 200, na stradeli ilikuwa na hasara ya 200 kwa bei ya 9.40. Hadi hapo kinga ilikuwa imefanya kazi yake, ingawa delta ilikuwa imerudi hasi 200. Jioni hiyo kampuni ikatangaza tarehe ya matokeo ya robo mwaka, na tarehe hiyo ilikuwa ndani ya muda wa mkataba wangu. Kosa lilikuwa langu. Niliangalia tarehe ya mwaka uliopita, nikakadiria kwamba yatatoka baada ya mkataba kuisha, nikaendelea kana kwamba makadirio hayo yalikuwa yamethibitishwa.

Hapa ndipo tofauti ya zana zile inapoonekana. Matokeo hutoka soko likiwa limefungwa. Hisa inaweza kulala 107 na kuamka 119 bila kupita 110 wala 115, na oda yako ya kununua hisa itajazwa kwenye 119. Kinga ya hisa inahitaji bei ipite njiani ili uweze kununua. Pengo la usiku halina njia. Kinachoweza kuziba pengo ni opsheni uliyokwisha kuinunua kabla.

Asubuhi iliyofuata nilifanya mambo manne, na mpangilio wake nilioufikiria usiku. Kwanza nilinunua kol 5 za 115 kwa dola 1.20, kwa sababu hatari ilikuwa juu na sikutaka kukaa hata saa moja bila bawa hilo. Pili, kwa oda moja ya miguu minne, yaani opsheni nne kwa pamoja, nilinunua stradeli ya 100 kwa 9.40 na kuuza ya 105 kwa 7.60. Hiyo ilinigharimu dola 1.80, lakini ikarudisha katikati ya biashara karibu na bei ya soko. Tatu nilinunua puti za 95 kwa senti 50. Nilishawishika kuziacha, kwa vile hisa ilikuwa inapanda, lakini matokeo mabaya yangeweza kuiangusha vilevile. Mwisho kabisa niliuza zile hisa 100 kwa 107. Bawa la juu pekee lilikuwa na delta ya takriban 113, kwa hiyo lilichukua nafasi ya hisa, na jumla yangu ikabaki karibu hasi 40. Kama ningeziuza hisa kabla ya kununua bawa, ningekuwa nimebaki uchi upande ule ule unaoniumiza.

Hesabu mpya ilikuwa hivi. Dola 9 za mwanzo, toa 1.80 za kuhama, toa 1.70 za mabawa, inabaki 5.50. Mabawa yako umbali wa dola 10 kutoka 105, kwa hiyo hasara kubwa kabisa ni 10 kutoa 5.50, yaani 4.50 kwa hisa, au dola 2,250 kwa biashara nzima. Faida ya juu ilikuwa 2,750, na hiyo ni kama hisa ingemaliza 105 kamili. Eneo la faida lilikuwa limebana, kutoka 99.50 hadi 110.50. Dhamana niliyotakiwa kuweka kwa broka ilishuka sana pia, lakini sikununua mabawa kwa ajili hiyo.

Siku moja baadaye kol ile ya 115 ilikuwa dola 1.45 ingawa hisa haikusogea. Soko lilikuwa limeshaanza kuingiza matokeo kwenye bei, na kila opsheni inayoishi hadi baada ya tarehe ile ilikuwa imevimba.

Matokeo yalitoka zikiwa zimebaki siku 12. Hisa ilifungua 119.

Nilifunga miguu yote kwa 9.20. Hasara ilikuwa 3.70 kwa hisa, dola 1,850. Ukiondoa faida ya 200 ya zile hisa 100, inabaki 1,650 kabla ya kamisheni. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu za njia nilizoziacha. Stradeli ya 100 na hisa 100 za kinga ingenipotezea takriban dola 3,650. Stradeli iliyohamishwa 105 bila mabawa, karibu 3,300 hata ukihesabu zile 200.

Kulikuwa na hoja ya kusubiri. Hasara iliyobaki haikuweza kuzidi senti 80 kwa hisa, na kama hisa ingerudi chini ya 115 ningepata nafuu. Lakini kol niliyoiuza ya 105 ilikuwa ndani mno, hisa ikiwa juu yake kwa dola 14, thamani yake ya muda imebaki senti 14 hivi, na gawio la kampuni lilikuwa linakaribia. Gawio likizidi thamani hiyo ya muda, mwenye kol ana kila sababu ya kuitekeleza siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio. Ungeamka ukiwa umeuza hisa 500 usizonazo na unadaiwa gawio lake, huku mabawa yako yakiwa bado ni opsheni tu. Hatari hiyo sikuitaka kwa ajili ya senti 80.

Tangu hapo, kampuni ikiwa haijathibitisha tarehe ya matokeo, nanunua mabawa siku ileile ninayouza stradeli, mtikisiko unaoingizwa kwenye bei za opsheni ukiwa bado haujapanda, na naingia nikijua kwamba sehemu ya primiamu si yangu.