Karafuu ilikuwa na namba 41

Mzee aliyenipa kazi ya kumtengenezea faharasa ya kitabu chake cha historia ya Zanzibar ya karne ya 19, ile orodha ya mwishoni inayoonyesha jambo lipi liko ukurasa upi, aliniambia: "Mwanangu, hiyo kazi ya jioni mbili. Unatafuta neno kwenye kompyuta, unaandika namba ya ukurasa." Nikamwamini. Nikamtajia bei ya jioni mbili, laki na ushee, kazi ikanila wiki tatu.

Nilianza na Sultani Said bin Sultan. Nikaandika "Said", kompyuta ikanimwagia "saidia", "kusaidiana", halafu Majid bin Said na Barghash bin Said, maana ni wanawe. Na kule ambako mwandishi anamwita "Sultani" tu, kurasa mbili nzima za habari zake, ikapita kimya. Nikafuta yote, nikachapisha prufu kwenye karatasi, nikakaa na penseli.

Karafuu ndiyo iliyonitoa jasho. Namba 41 za kurasa zimefuatana kama siafu! Nani atafunua kurasa zote hizo kutafuta jambo moja? Nikarudi kwenye kila ukurasa nikijiuliza: nikimtuma mtu hapa, atakuta habari au neno limepita njia tu? "Harufu ya karafuu ilitanda bandarini." Toka. Zikabaki chini ya nusu, nazo nikazigawa:

karafuu
  bei ya, 88–91
  kimbunga cha 1872 na, 102–105
  watumwa mashambani na, 61–70, 97
  *tazama pia* Pemba

Pemba haikuwekwa pale kwa urembo. Kimbunga kile kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, kwa hiyo anayefuatilia zao hili baada ya hapo hana budi kuvuka.

Tippu Tip nilimfanyia ujanja ninaojivunia hadi leo. Jina lake ni Hamed bin Muhammed, na kanuni inataka uandike "Tippu Tip, *tazama* Hamed bin Muhammed". Lakini kurasa zake zilikuwa tatu tu. Kumtuma msomaji kutoka T hadi H kwa ajili ya namba tatu ni kumsumbua bure, nikaziandika kote kuwili. Angekuwa na vipengele vingi chini yake, hapo ningemtuma.

Nikajiona fundi. Kisha mzee akapiga simu.

"Mwanangu, nimekwenda 'majahazi', nikaambiwa nitazame 'vyombo vya bahari'. Nimefika huko, narudishwa 'majahazi'. Namba ziko wapi?"

Nilikuwa nimebadili mawazo katikati ya kazi kuhusu neno lipi libebe namba, na kila upande nikadhani nimeziacha kwa mwenzake. Nikafungua karatasi zangu. Zilikuwa bado pembeni mwa kurasa, kwa penseli, sijazihamishia popote.