Gharchola ya Ba

Mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi katika studio ya picha katikati ya Dar es Salaam, karibu na Kisutu. Wateja wetu wengi walikuwa Wahindi wa asili ya Gujarati. Mimi nilikaa nyuma, kwenye kompyuta, nikisafisha picha za zamani: kuziba mipasuko, kuondoa madoa ya unyevu, kurudisha macho yaliyofifia.

Siku moja akaja mama mtu mzima na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa picha nyeusi na nyeupe ya msichana aliyesimama bustanini amevaa gauni la kuishia magotini. Cha pili kilikuwa sari iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni Ba, mama yangu mzazi. Picha zake za harusi ziliisha na mchwa. Nataka nimwone ndani ya hii."

Akaifungua. Ilikuwa gharchola, sari ambayo bibi harusi wa Kigujarati hupewa na upande wa mume. Nyekundu iliyoiva, na nyuzi za dhahabu zinazopita wima na mlalo mpaka nguo yote inakuwa miraba. Ukiwa umezoea kanga ungesema ina pindo na mji wake, ila huku kuna kitu cha ziada: ncha moja imepambwa kuliko pengine pote. Hiyo ndiyo palu, ile inayopita begani.

Nilimwahidi siku tatu. Niliitandaza sari sakafuni, nikaipiga picha kutoka juu, kisha nikaiweka juu ya msichana katika Photoshop. Kwa `Warp` nikaivuta ifuate kiuno, nikachora marinda kwa kupishanisha mistari ya giza na ya mwanga, nikapitisha palu kifuani hadi bega la kushoto na kuiacha idondokee mgongoni. Hivyo ndivyo nilivyoona sari zikivaliwa kila mahali. Niliridhika nayo kabisa.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika.

"Mwanangu, huyu umemvisha kama mtu wa mbali. Sisi palu yetu inakaa kulia."

Nikamwambia hilo ni dogo, linamalizika pale pale. Nikabonyeza `Flip Canvas Horizontal`. Palu ikahamia kulia, lakini nilikuwa nimegeuza picha nzima, na doa jeusi la shavu la kushoto la Ba likawa la kulia. Mama akaliona kabla yangu. Nikarudisha, nikageuza leya ya sari peke yake. Akatikisa kichwa tena, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa upande.

Katika uvaaji ule wa kawaida, palu hutoka mbele kwenda nyuma: inakatiza kifua, inapanda bega, inaangukia mgongoni. Kwa Wagujarati inatoka nyuma kuja mbele. Inapanda kutoka mgongoni, inavuka bega la kulia na kuteremka kifuani, ili ile ncha yenye mapambo ionekane na kila anayekutazama. Sari yangu ilikuwa imempa Ba mgongo mzuri ambao hakuna ambaye angeuona. Hakuna kitufe cha kugeuza nyuma kuwa mbele.

"Kesho nitakuja na mjukuu," alisema.

Alikuja naye, binti wa umbo linalokaribiana na la Ba. Akamvika gagulo na kulikaza kweli, kwa sababu sari nzima, kama mita tano na nusu, inaning'inia kwenye ule mkanda wa gagulo. Ukilegea, kila kitu kinateremka. Akachomeka ncha isiyo na mapambo upande wa kulia wa kiuno, akaizungusha mara moja mpaka ikarudi mbele. Kisha akaanza marinda. Alishika nguo kati ya kidole gumba na kidole kidogo, akaikunja kwenda na kurudi, kila rinda upana wa kiganja kilichotanuliwa kidogo. Yakawa sita. Akayapanga kingo zake zilingane, akayatikisa yanyooke, akayabana kwa pini na kuyachomeka kiunoni karibu na kitovu. Nguo iliyobaki akaipitisha upande wa kushoto, ikazunguka mgongoni, ikapanda bega la kulia, ikashuka mbele. Mwisho akaivuta kona moja ya palu, akaikatiza kifuani na kuichomeka kwenye nyonga ya kushoto.

Nilikuwa nimesimama na kamera mkononi, nikiona makosa yangu moja baada ya jingine. Kubwa lilikuwa miraba. Katika kazi yangu mistari ya dhahabu ilipita juu ya marinda bila kukatika, kana kwamba nguo ni karatasi iliyochorwa vivuli. Rinda la upana wa sentimita kumi na mbili linameza nguo mara mbili ya hapo, na nusu yake imefichika ndani. Kwa hiyo mraba unaanza kwenye rinda moja, unazama, na kwenye rinda linalofuata unaibuka mwingine kabisa. Tangu siku ile, nikitaka kujua kama marinda ya picha ni ya kweli, nafuata mstari mmoja wa nakshi kutoka kushoto kwenda kulia. Usipovunjika popote, ni ya kuchora.

Nilimsimamisha binti karibu na dirisha, jua likimjia kutoka upande uleule lililomjia Ba bustanini. Nikashusha kamera hadi usawa wa kifua chake, kwa kuwa picha ya zamani ilionekana kupigwa kutoka hapo. Baada ya hapo kompyuta haikuwa na kazi ya kubuni nguo. Nilikata sari kutoka kwa mjukuu, nikaiweka kwa bibi yake, nikaongeza leya ya kivuli kwa `Multiply` mahali palu inapoegemea shingo na pale mkono unapogusa kiuno.

Rangi ilinisumbua kidogo. Nilipoiondoa, nyekundu na dhahabu vyote vikawa kijivu kimoja na miraba ikapotea. Nikatumia `Black & White`, nikashusha `Reds` na kupandisha `Yellows`. Nguo ikawa nzito, nyuzi zikang'aa.

Usiku nilipokuwa nahifadhi faili, niliona kitu kwenye majani. Ba alikuwa amefunikwa mpaka kwenye vidole vya viatu, lakini kivuli chake chini kilikuwa bado cha gauni: sketi fupi na miguu miwili inayoachana. Ilinichukua saa mbili kukichora upya, kipande kimoja kipana kinachoanzia kwenye upindo wa chini wa sari. Naamini mtu angeweza kuitazama picha ile kwa miaka bila kujua kinachomkera.

Mama alipokuja hakuangalia uso kwanza. Aliweka kidole kwenye nyonga ya kushoto, akakipandisha polepole akifuata kona ya palu kifuani mpaka bega la kulia, kisha akakishusha kwenye marinda na kuyahesabu kwa Kigujarati. Manne yalionekana, mawili yalikuwa chini ya palu.

"Hapa amechomeka," alisema, akikirudisha kidole nyongani. "Ba alikuwa anachomeka hivi hivi."

Akaagiza nakala tatu. Moja ya ukutani kwake, moja ya mjukuu, na moja ya dada yake aliyeko Leicester.