Usiku kikokotoo kilipodai watu wa Dodoma wanapungua

Zoezi lenyewe lilikuwa fupi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma, na ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Tafuta kasi ya ongezeko kwa mwaka, tafuta mkoa utachukua miaka mingapi kuwa na watu mara mbili, halafu kisia idadi ya mwaka 2050 endapo kasi haitabadilika. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa chuo, nimepanga chumba Nkuhungu, humohumo Dodoma, na mwenzangu, na kwa kuwa logaridhimu nilizipita salama sekondari, nililiacha zoezi mpaka usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Fomula ilikuwa kwenye daftari, `r` ikiwa kasi, `P1` watu wa 2012, `P2` wa 2022 na `t` miaka iliyopita kati yake:

```
r = ln(P2/P1)/t
```

Mwenzangu ana kikokotoo, fx-991ES PLUS, nikaiazima. Ukibonyeza `ln` kwenye hiyo, mabano yanafunguka yenyewe, nikaona imenirahisishia kazi. Nikaingiza namba kama zilivyofuatana:

```
ln(3085625÷2083588÷10 =
```

Kioo kikaleta -1.909922. Kasi hasi, yaani watu wanapungua. Hapo nimekaa kwenye mtaa ambao kila ukitoka asubuhi unakuta msingi mpya umechimbwa. Nikafuta, nikarudia, ikaja ileile.

Sikuelewa kwa nini, nikakilaumu kikokotoo. Nikatoa cha kwangu, fx-82MS niliyoinunua mkononi kwa mtu, ambayo namba zake za `7` na `8` zimeshafutika. Nikaingiza vilevile. Hii haifungui mabano yenyewe, kwa hiyo ilisomeka hivi:

```
ln 3085625÷2083588÷10 =
```

Ikaleta 7.17 mara 10 kwa kipeo cha -7, yaani sifuri nukta, sifuri sita, ndipo zije tarakimu. Kwa kasi hiyo Dodoma yote isingeongeza hata watu wawili kwa mwaka. Vikokotoo viwili, vidole vilevile, majibu mawili ambayo hayafanani kwa lolote.

Leo naona ni kosa moja lililotazama pande mbili. Kile cha mwenzangu kilifungua mabano na mimi sikuyafunga, hivyo ile `÷10` iliyotakiwa ibaki nje ikamezwa ndani. Kikatafuta `ln` ya 0.148, na namba yoyote iliyo kati ya sifuri na moja, `ln` yake lazima iwe hasi. Changu kikafanya kinyume: `ln` ikashika namba ya kwanza tu, 3085625, ikatoa 14.94, ndipo ikaigawa hiyo 14.94 kwa watu milioni mbili, kisha kwa kumi. Kimoja kilimeza zaidi ya haki yake, kingine kikamega kidogo mno. Kinachotakiwa ni mabano yafunguke kabla ya namba ya kwanza na yafungwe kabla ya `÷10`, iwe umeyafungua wewe au kikokotoo:

```
ln(3085625÷2083588)÷10 =
```

Kwa bahati, makosa hayo mawili yalipiga kelele. Hakuna anayeandika kasi hasi ya Dodoma akalala usingizi. Lililoniponza ni la tatu, ambalo halikupiga kelele kabisa.

Saa saba usiku niliweka mabano vizuri. Ila kwenye fx-82MS kitufe cha `log` na cha `ln` vimekaa bega kwa bega, na kidole kikatua kwenye `log`. Jibu: 0.0170531. Asilimia 1.7 kwa mwaka. Namba ya heshima, chanya, haina vipeo vya ajabu. Nikaiandika. Kwenye swali la pili nikatumia `ln 2` kugawanya kwa hiyo kasi, na safari hii kidole kikagonga mahali pake. Nikapata miaka 40.6. Swali la tatu nikalimalizia kwa kasi ileile, nikafunga daftari.

Karatasi iliporudi ilikuwa na wino mwekundu: "Logi gani hii?" Nikamfuata mwalimu baada ya kipindi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa miaka arobaini?" Akachukua karatasi. "Tazama. Miaka kumi tu mkoa umeongeza watu milioni moja juu ya milioni mbili. Hiyo ni karibu nusu ya waliokuwepo. Sasa nusu iliyobaki unaipa miaka thelathini mingine, wakati wanaozaa wameshaongezeka?"

Sikuwa na la kusema.

"Kairudishe kasi yako ulikoitoa," akasema, akanirudishia karatasi.

Kuirudisha maana yake ni kuanza na watu wa 2012, uwakuze kwa kasi uliyoipata kwa miaka kumi, uone kama utawakuta wa 2022. Nikakaa kwenye benchi nje ya darasa nikaifanya:

```
2083588×e^(0.0170531×10) =
```

Ikaja kama 2,471,000. Sensa inasema 3,085,625. Watu zaidi ya laki sita wamepotea njiani, na mimi niliikusanya karatasi bila kuwaulizia. Nikarudia kasi kwa `ln`: 0.0392663, asilimia 3.9. Nikairudisha kwa 0.039266, ikaleta 3,085,616. Pungufu watu tisa, na hao tisa wametokana na ile tarakimu ya mwisho niliyoikata.

Sababu ya tofauti ni kwamba `log` kwenye kikokotoo ni logi ya msingi wa kumi, na `ln` ni ya msingi wa `e`, ambayo ni 2.71828 na kuendelea. Fomula yetu imetokana na `e`, kwa hiyo inaelewana na `ln` peke yake. Logi hizo mbili za namba ileile zinapishana kwa kizidisho kimoja siku zote: `ln` ni mara 2.302585 ya `log`. Gawanya 0.0392663 kwa 0.0170531 uone inakuja 2.3026. Siku hizi nikimkagulia mtu kazi yake, na jibu lake likipishana na langu mara 2.3, siulizi alifanya nini, namuuliza alibonyeza kipi. Na ukiwa huna uhakika na kitufe, hasa kwenye simu ambazo kila programu ina mpangilio wake, ingiza 10 kwanza. Kinachotoa 1 ni cha kumi, kinachotoa 2.302585 ndicho `ln`.

Kuna jambo lilinikera kidogo. Jirani yangu darasani alikosea kitufe kama mimi swali la kwanza, akakosea tena swali la pili, akatumia `log 2` badala ya `ln 2`. Akapata miaka 17.65, na 17.65 ndilo jibu sahihi! Aliwekewa vema. Nilidhani ni upendeleo mpaka nilipoketi kuandika: unapogawanya logi kwa logi, kile kizidisho cha 2.3026 kipo juu na kipo chini, kinakatana. Kwa hiyo miaka ya kuwa mara mbili inatoka sawa kwa logi yoyote, mradi umeng'ang'ania moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nilichanganya ndiyo maana nikaangukia 40.6. Angechanganya kinyume changu, kasi kwa `ln` na mbili kwa `log`, angepata miaka 7.7. Lakini kasi yenyewe haina logi ya pili ya kuikatia, na ndipo naye alipokosa.

Nikarudia swali la mwisho, la 2050, nikajikuta nimeingia shimo lingine. Nilikuwa nimeona 0.0392663 nikasema hiyo ni asilimia 4, mambo yasiwe mengi. Kutoka 2022 ni miaka 28:

```
3085625×e^(0.04×28) =
```

Nikapata kama 9,457,000. Mwenzangu chumbani, aliyeiacha kasi nzima ndani ya kikokotoo, alikuwa na 9,265,000. Tunapishana watu laki moja na elfu tisini kwa sababu ya tarakimu nilizoona hazina maana. Nikajaribu 0.039, nikidhani nafasi tatu za desimali zinatosha. Ikaja kama 9,196,000, bado pungufu watu elfu sabini hivi.

Hapa ndipo vipeo vinapotofautiana na kujumlisha. Kosa dogo kwenye kasi linazidishwa kwa miaka kwanza, kisha linapanda juu ya `e`. Nilipoandika 0.04 niliiongezea kasi 0.0007337. Zidisha hiyo kwa miaka 28, unapata 0.0205, na hiyo ndiyo sehemu ya jibu inayoharibika: asilimia mbili hivi. Asilimia mbili ya milioni tisa na ushee ni zile laki moja na elfu tisini. Kwa makisio ya mwaka mmoja nisingeona kitu. Kwa miaka 28 nimekosea kwa watu wa mji mzima. (Sisemi 2050 watakuwa hao kweli. Kasi ya mkoa ambao serikali imehamia humo katikati ya kipindi chenyewe haitabaki vilevile, lakini swali lilisema ibaki.)

Dawa yake ni kutoiandika kasi upya. Jibu likitoka tu, naliweka kwenye herufi: `SHIFT`, `RCL`, kisha `A`. Karatasini naandika 0.0393 kwa ajili ya msomaji, lakini kwenye mahesabu naita `A`, yenye tarakimu zake zote. Kwenye daftari pembeni naandika "A = kasi", maana niliwahi kuweka kitu kingine juu yake nikasahau.

Wiki iliyopita mwenzangu huyohuyo aliniamsha usiku. Kikokotoo chake kilikufa betri, alikuwa anatumia changu.

"Kaka, hii mashine yako inasema 2022 Dodoma tulikuwa milioni ishirini na moja na laki sita na ushee. Mji wote wa serikali pale Mtumba hatutoshi."

Nikaenda nikatazama kioo:

```
2083588×e^0.039266×10 =
```

Cha kwake, ukishabonyeza `e` kwa kipeo, kila unachoandika kinakaa juu mpaka ubonyeze mshale wa kulia, kwa hiyo kilishamzoesha kutoweka mabano. Changu hakina adabu hiyo. Kilipandisha 0.039266 peke yake, kikapata ongezeko la mwaka mmoja, kisha kikazidisha mkoa mzima kwa kumi.

Nikamrudisha nyuma kwa mshale, nikamwonyesha pa kufungua na pa kufunga. Akabonyeza `=`, akasoma 3,085,616, akaniuliza wale tisa wako wapi.