Siku moja ya zamu: ripoti gani iniamshe, ipi isubiri

Saa 10:38 alfajiri

Simu inalia kando ya kitanda. Ni mlio niliouweka kwa namba moja tu, ile inayotuma meseji za kazi zinazojiendesha zenyewe usiku. Kazi hizo ni 23: nakala rudufu za hifadhidata, hesabu za siku, kuvuta salio la bidhaa na kuandaa orodha za ghala. Kati ya zote, ni mbili tu zenye ruhusa ya kuniamsha. Hii ni mojawapo:

```
IMEKWAMA oda-ghala 04:38. Diski /data imejaa. Rudia kabla ya 05:40. Mwongozo uk. 4. Jibu 1 kama umepokea.
```

Maneno haya tuliyabishania siku nyingi. Wapakiaji wa ghala huanza kazi kwa orodha inayotokana na kazi hii, na lazima iwe tayari saa 12:15 asubuhi. Zamani meseji ilitaja saa hiyo, na mtu aliyekurupuka usingizini aliona bado ana saa nzima na zaidi. Alikuwa anajidanganya, kwa sababu kuandaa orodha huchukua dakika 35. Toa dakika hizo, na nafasi ya mwisho ya kuanza upya ni saa 11:40. Basi meseji itaje saa ya mwisho ya kuchukua hatua. Saa ya hasara haimsaidii mtu aliye kitandani.

Muda tunauandika kwa saa 24, na sifuri mbele. Mwenzetu mmoja aliwahi kusoma 5:40 kama tunavyosema sisi, saa tano na dakika arobaini, akaona ana asubuhi nzima mbele yake. Sifuri ile inamkumbusha msomaji kwamba hii ni saa ya seva.

Meseji ina herufi 105, na ufupi huo ni wa makusudi. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ukitia ndani alama isiyo kwenye orodha ya kawaida ya simu, mfano emoji au nukuu zilizopinda kutoka kwenye programu ya kuandikia, nafasi inashuka hadi 70 kwa ujumbe mzima. Meseji ndefu hukatwa vipande, na vipande hivyo vinaweza kufika kwa kuachana. Huwezi kumwamsha mtu kwa nusu ya habari.

Najibu 1. Nisingejibu ndani ya dakika 10, meseji ileile ingekwenda kwa mwenzangu wa zamu ya pili. Jibu hilo ni la lazima, maana meseji haina ahadi ya kufika: simu inaweza kuwa imezimwa au haina mtandao, na mfumo uliotuma usijue lolote.

Nafungua kompyuta. `df -h` inaonyesha diski imejaa kweli, na mafaili ya muda ya wiki iliyopita ndiyo yaliyoijaza. Nayaondoa kwa kufuata mwongozo, naanza upya saa 11:02, orodha inakamilika saa 11:37. Saa 12 kamili msimamizi wa ghala ananipigia. "Kaka, orodha ipo?" Namwambia ipo, Mzee, na idadi ya oda nimeihakiki. Nalala tena kidogo.

Saa 2:00 asubuhi

Kitu cha kwanza ofisini ni dashibodi. Mistari yote 23 ni ya kijani, lakini rangi siitazami kwanza. Natazama safu ya kulia, inayoonyesha saa zilizopita tangu kila kazi ifaulu mara ya mwisho. Nakala rudufu ya hifadhidata ya wateja hufanyika kila siku saa 7 usiku, kwa hiyo sasa ilipaswa kusomeka saa 7. Inasomeka 31.

Kumbe usiku wa kuamkia leo haikufanyika kabisa. Jana mchana tulikuwa na matengenezo, na mtu aliweka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari wake kwenye `crontab`, faili la ratiba za kazi, ili isianze katikati ya kazi, kisha akasahau kuiondoa. Mstari wa dashibodi ni wa kijani kwa sababu mara ya mwisho ilipofanyika, ilifaulu. Hakukuwa na ripoti ya kushindwa, kwa kuwa ripoti hiyo hutumwa na kazi yenyewe, na kazi isiyoanza haina mdomo.

Hapa ndipo naiona mipaka ya dashibodi. Ni mahali pazuri pa ripoti za mafanikio: hazimsumbui mtu, na anayezihitaji anazikuta. Ila inamngoja atazamaye. Ningechelewa leo, au mwenzangu angetazama rangi tu, tungeingia usiku wa pili bila nakala.

Natoa alama ile, naanzisha nakala kwa mkono, kisha naandika kanuni ambayo hatukuwa nayo kwa kazi hii. Kanuni haingoji kushindwa, inapima ukimya. Umri wa mafanikio ya mwisho ukipita saa 26, ujumbe uende kwenye grupu la kazi. Saa 24 ni mzunguko wenyewe, na mbili za ziada ni kwa siku ambazo nakala inachelewa tu. Kwa kosa la leo, ujumbe ungeingia saa 9 usiku na sisi tungeukuta asubuhi, na hivyo ndivyo inavyofaa. Kukosa nakala ya usiku mmoja hakuhitaji mtu aamshwe, maana tunaweza kuifanya mchana.

Ukimya ukiendelea hadi saa 36, basi ni meseji. Namba hiyo nimeichagua kwa hesabu: kuanzia saa 7 usiku, saa 36 zinaangukia saa 7 mchana wa siku ya pili. Mtu wa zamu yuko macho, na usiku mwingine haujaingia. Kanuni hii inaendeshwa na seva nyingine, tofauti na ile inayofanya nakala. Seva ikizimika pamoja na mlinzi wake, ukimya hautapimwa na yeyote.

Saa 4:30 asubuhi

Ujumbe unaingia kwenye grupu: kuvuta salio la bidhaa kumeshindwa mara tatu mfululizo, data ina umri wa dakika 45. Kazi hii huendeshwa kila dakika 15. Ilishindwa saa 4:00 na saa 4:15 tukiwa hatujui, na ilikuwa sahihi tusijue. Seva ya upande wa pili hupepesuka mara kwa mara kisha hutulia yenyewe.

Zamani kila mzunguko uliripoti hapa. Kazi moja ya dakika 15 ina mizunguko 96 kwa siku, na tulikuwa na tano za aina hiyo, yaani jumbe 480 za "imefaulu" kila siku. Tukazima mlio wa grupu, mmoja baada ya mwingine. Siku kazi mojawapo iliposhindwa kweli, ujumbe ulikaa hapo saa tatu, umezungukwa na mafanikio, na hakuna aliyeuona. Sikumlaumu aliyekuwa zamu. Tulimfundisha wenyewe kutokusoma.

Siku hizi grupu hupokea vitu vya aina moja tu: jambo linalohitaji mtu leo, wakati wa kazi, ndani ya saa moja au mbili hivi. Ujumbe unatoka mara ya tatu ya kushindwa. Mara ya nne na ya tano haziongezi jumbe, zinabadilisha namba kwenye ujumbe uleule. Mambo yakitengemaa, habari hiyo inaandikwa chini yake.

Dakika moja baadaye mwenzangu anaandika, "Naishika mimi." Kwa sababu ya maneno hayo, ripoti hii inafaa grupu kuliko barua pepe. Wote tumeona kwamba kazi imepata mtu, na hakuna wawili watakaoigusa kwa wakati mmoja. Anaandika tena, "Kaka, nenosiri la kuingilia limeisha muda, nawasiliana nao." Saa 5:15 mzunguko unafaulu.

Saa 8:00 mchana

Ripoti ya ulinganisho wa malipo inatoka: mistari 14 haikulingana kati ya mfumo wetu na taarifa ya benki. Hii inakwenda kwa barua pepe, na faili limeambatishwa. Wahasibu wana siku mbili za kuijibu, hawamo kwenye grupu letu, na miezi sita ijayo mkaguzi atawauliza nani alijibu nini na lini. Kichwa cha barua kinaanza na tokeo: "14 hazikulingana, ulinganisho wa malipo". Kilipokuwa "Ripoti ya kila siku" tu, barua ya mistari 14 ilifanana na barua ya sifuri mpaka uifungue. Ikitoka sifuri, siku hizi barua haitumwi kabisa. Tarehe inaonekana kwenye dashibodi, inatosha.

Mhasibu mmoja aliomba kwamba hata orodha ya ghala ikikwama, apelekewe barua pepe. Nakala kwa kumbukumbu, sawa. Lakini barua pepe isiwe njia ya kuitia watu. Seva inayopokea ikikataa kwa muda, inayotuma husubiri kabla ya kujaribu tena, na kanuni za barua pepe zinapendekeza isubiri angalau dakika 30. Inaweza kuendelea kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Alfajiri ya leo nilikuwa na dakika 62 tu kati ya kukwama na nafasi ya mwisho. Subira moja ya namna hiyo ingekula karibu nusu yake.

Saa 11:00 jioni

Kesho ghala limefungwa. Hakuna wapakiaji, kwa hiyo kazi ileile ikikwama saa ileile kwa sababu ileile, hakuna atakayepata hasara kabla ya keshokutwa. Naingiza siku hiyo kwenye kalenda ya mfumo ili ripoti yake iende kwenye grupu. Zamani kila kazi ilifungwa kwenye njia moja daima, na ndiyo maana watu waliamshwa siku za mapumziko kwa orodha isiyosomwa na yeyote, kisha wakaanza kuweka simu mbali na kitanda.

Saa 12:00 jioni

Nakabidhi zamu kwa dada aliyejiunga nasi mwezi huu. Namba inayotuma meseji haikuwa kwenye simu yake, na simu yake hunyamaza yenyewe kuanzia saa 4 usiku. Tunaihifadhi namba, tunairuhusu ipenye ukimya huo, kisha tunaiweka simu kwenye hali ya usiku na kutuma meseji ya majaribio. Inalia. Anajibu 1, na kwenye dashibodi jina la zamu linabadilika kutoka langu kuwa lake.