Mkoba wangu wa ukili ulivyopata bei

Mkoba wa kwanza niliuuza 19,000. Nilijumlisha ukili, kitenge cha bitana, zipu, uzi na mikono ya ngozi, ikaja 14,500, nikaongeza asilimia thelathini, basi. Sikuhesabu saa tano za kushona. Dada yangu ndiye aliyeniuliza, "Ungemlipa fundi mwingine, ungempa ngapi?" Nikaweka 1,500 kwa saa, pamoja na 1,000 ya nauli na ukili unaokatika. Gharama halisi: 23,000. Kila mkoba niliokuwa nauza, nilikuwa namfadhili mteja.

Nikapandisha hadi 30,000, yaani gharama ile na asilimia thelathini tena, kisha nikazunguka Darajani kutazama wenzangu. Vikapu vya 12,000 hadi 15,000 vimejaa. Nikaingiwa na hofu, karibu nishushe. Lakini nilipovishika, havikuwa na bitana wala zipu. Mnunuzi wa kile anakwenda sokoni kununua ndizi. Wangu alikuwa anauliza kama kompyuta itaingia. Hao si washindani wangu. Mshindani wangu ni begi la kompyuta la dukani, ambalo hapa mjini nililikuta kwa 40,000 na zaidi.

Jambo lililonishtua zaidi lilitokea mezani kwangu. Mama mmoja alishika mkoba, akauliza bei, nikasema 30,000, akatoa noti tatu za elfu kumi. Hakusema hata "nipunguzie". Siku hiyo walifuata wawili kama yeye. Unguja mtu akinunua bila kuomba kupunguziwa, ujue umeuza rahisi.

Nikajaribu bei tatu, kila moja wiki mbili, mikoba kumi mezani, meza ileile. Kwa 30,000 ilitoka tisa. Kwa 45,000 ilitoka sita. Kwa 60,000 ulitoka mmoja, tena kwa mgeni. Ukitoa gharama, tisa ile iliniachia 63,000, na sita ikaniachia 132,000, kwa kazi pungufu. Mikoba kumi si mingi, na wiki zile za bei ya kati watalii walikuwa wengi kidogo, kwa hiyo nilirudia mwezi uliofuata kabla ya kuamini. Ilitoka mitano.

Duka moja likaja kutaka mzigo kwa mali kauli, wao wakate asilimia thelathini kila unapouzwa. Kwa 45,000 napata 31,500, faida 8,500. Kwa bei ya zamani ningepata 21,000, chini ya gharama. Nikakubali, kwa sharti wasiuze chini ya bei ya meza yangu.

Njia hii niliipeleka kwenye kawa za kufunikia chakula, ikagoma. Kawa ni kawa. Mteja anajua bei ya soko ni 8,000 na haoni yangu ina nini cha ziada. Mimi inanigharimu 9,000. Nimeacha kuzisuka.